Droo Peke Yake Si Shahidi

Mwezi huu ukurasa wetu wa uchumi wa nyumbani unakwenda Kihonda, pale Morogoro mjini, kwenye kibanda cha jirani yetu mmoja ambaye ni wakala wa pesa za simu. Wengi wenu mnafanya kazi hii, au mumeo anaifanya na wewe ndiye unayeketi dukani tangu asubuhi hadi jioni. Tutazungumza juu ya jambo moja tu: namna ya kufuatilia floti na keshi kutwa nzima, na namna ya kufunga hesabu usiku kabla ya kufunga mlango.

Tumechagua jambo hili kwa sababu ya yale yaliyompata jirani yetu huyo, na ametupa ruhusa tuyasimulie.

Yaliyotokea Jumamosi moja

Jirani yetu anaishi na binti wa dada yake, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeletwa kutoka Mgeta, huko juu milimani. Binti humwita mama mdogo, na ndiye anayemsaidia kibandani. Jumamosi hiyo usiku mama alihesabu fedha za droo akakuta 660,000. Daftari lilionyesha kwamba droo ilipaswa kuwa na 740,000. Zilipungua shilingi 80,000.

Mama alihesabu tena mara mbili, zikawa zilezile. Moyo ukampanda. Akamwita binti, akamwuliza. Binti akajibu kwa heshima, "Mama mdogo, mimi sijachukua hata senti." Mama hakumwamini. Begi la binti likafunguliwa, godoro likainuliwa, na mwisho mama akatamka kwamba Jumatatu binti apande gari arudi kwa mama yake. Nyumba nzima ililala kimya.

Jumapili baada ya ibada mama alituambia habari hiyo kwa uchungu, nasi tukamwuliza swali moja: "Floti yako ilikuwa ngapi wakati huo wa usiku?" Akatutazama tu. Hakuwa ameitazama. Alihesabu droo peke yake.

Tukamwomba atuletee daftari na simu zake mbili, tukaketi naye barazani. Kabla hatujasema tuliyoyakuta, hebu kwanza tuelezane kanuni yenyewe, maana bila kanuni hiyo hata tuliyoyakuta hayataeleweka.

Jumla haibadiliki

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kisha mitandao mingine ikafuata na huduma zake. Ndiyo maana leo kibanda kimoja kinaweza kuwa na laini za uwakala mbili, tatu au nne. Lakini hata zikiwa laini kumi, kazi ya wakala ni ileile moja: anabadilishana na mteja fedha za mkononi kwa fedha za kwenye simu.

Mteja anapokuja kuweka 30,000, anakupa noti za 30,000 nawe unamtumia 30,000 kutoka kwenye laini yako ya uwakala. Keshi imeongezeka 30,000, floti imepungua 30,000. Mteja anapokuja kutoa 20,000, floti yako inaongezeka 20,000 nawe unamhesabia noti za 20,000. Floti imepanda, keshi imeshuka, kwa kiasi kilekile. Ile ada anayokatwa mteja anapotoa haipiti mkononi mwako kabisa. Mtandao unaikata kwenye akaunti yake. Hata ukimuuzia mtu vocha kutoka kwenye laini yako ni vivyo hivyo, floti inashuka na keshi inapanda.

Sasa angalia maana yake. Ukijumlisha keshi ya droo na floti za laini zako zote asubuhi, kisha ukajumlisha tena saa sita mchana, kisha usiku, lazima upate jumla ileile. Wateja wawe watano au mia moja, jumla haisogei. Inasogezwa na mambo machache tu ambayo wewe mwenyewe unayajua: umeongeza mtaji, umetoa fedha za matumizi, au kamisheni imeingia kwenye floti. Jambo lolote jingine likiisogeza jumla, hilo ni kosa au ni hasara, na inakupasa ulitafute.

Jirani yetu alifungua Jumamosi ile akiwa hivi:

Keshi ya droo: 600,000
Floti, mtandao wa kwanza: 500,000
Floti, mtandao wa pili: 400,000
Jumla: 1,500,000

Basi namba ya kushika kichwani siku ile ilikuwa moja tu, milioni moja na laki tano. Usiku swali la kwanza lisingekuwa "droo ina ngapi?" bali "je, 1,500,000 yangu ipo?"

Tuliyoyakuta barazani

Tukarudi kwenye daftari. Kwa mtandao wa kwanza daftari lilionyesha wateja wameweka jumla ya 480,000 na kutoa 350,000. Kwa hiyo floti ya mtandao huo, iliyoanza na 500,000, ilipaswa kubaki 370,000. Kwa mtandao wa pili waliweka 210,000 na kutoa 200,000, nayo floti yake ilipaswa kubaki 390,000.

Kisha tukatazama simu. Kwa kuwa kibanda hakikufunguliwa Jumapili, salio la laini lilikuwa bado lile la Jumamosi usiku. Mtandao wa pili ulikuwa na 390,000 sawasawa na daftari. Lakini mtandao wa kwanza ulikuwa na 450,000, yaani 80,000 zaidi ya daftari!

Tukajumlisha mbele yake:

Keshi ya droo: 660,000
Floti, mtandao wa kwanza: 450,000
Floti, mtandao wa pili: 390,000
Jumla: 1,500,000

Fedha zote zilikuwapo. Hakuna aliyeiba hata senti. Droo ilikuwa pungufu kwa 80,000 na simu ilikuwa na ziada ya 80,000. Kosa lilikuwa la kalamu.

Kosa la namna hii lina alama yake, nayo inafaa kukumbukwa. Droo inapopungua kiasi fulani na floti kuzidi kiasi hichohicho, mara nyingi muamala mmoja umeandikwa kinyume, kutoa kumeandikwa kuwa kuweka. Kila upande unakosewa mara mbili ya muamala wenyewe, kwa sababu umejumlisha mahali ulipopaswa kupunguza. Kwa hiyo chukua ile tofauti, igawe kwa mbili, kisha tafuta muamala wa kiasi hicho. Nusu ya 80,000 ni 40,000.

Tukapitia daftari upande wa kuweka, tukakuta miamala mitatu ya 40,000. Tukailinganisha na meseji za mtandao mmoja baada ya mwingine. Miwili ilikuwa sawa. Wa tatu, wa saa tisa alasiri, meseji yake ilisema mteja ametoa fedha, na salio la laini lilikuwa limepanda kutoka 355,000 hadi 395,000. Daftari lilisema ameweka.

Tukamwuliza mama, "Nani aliandika mstari huu?" Akautazama mwandiko kwa muda. Ulikuwa wake mwenyewe. Saa ile alikuwa amemtuma binti kuchota maji, watu wakajaa dirishani, akawahudumia kwanza na kuandika baadaye.

Hatutasema mengi juu ya yaliyofuata nyumbani kwake jioni ile. Ila mama alimwomba radhi binti mbele ya wale watoto wote walioona begi likifunguliwa, na binti hakupanda gari. Akina mama wenzetu, kumshuhudia mtu uongo ni dhambi hata kama tumefanya hivyo kwa kutokujua hesabu. Usimshitaki mtoto wa mwenzio kwa ushahidi wa droo peke yake.

Mnyororo wa salio

Tangu wiki ile jirani yetu amebadili daftari lake. Zamani lilikuwa na jina la mteja, kiasi, na kuweka au kutoa. Sasa ameongeza safu moja tu mwishoni: salio la laini baada ya muamala. Salio hilo halitungi kichwani. Analisoma kwenye meseji ya mtandao, kwa kuwa kila muamala unapokamilika meseji huleta kiasi, namba ya muamala na salio jipya.

Mistari yake ya asubuhi huonekana hivi:

Kuanza: salio 500,000
Kuweka 30,000: salio 470,000
Kutoa 20,000: salio 490,000
Kuweka 45,000: salio 445,000

Kila mstari umeshikana na ule wa juu yake kama mnyororo. Aliyeandika kutoa mahali pa kuweka ataona papo hapo kwamba salio limekwenda upande usio wake, na atasahihisha mteja akiwa bado dirishani. Kila mtandao una ukurasa wake, maana ukichanganya mitandao miwili katika ukurasa mmoja mnyororo unakatika. Aliyehudumia anaweka pia herufi ya jina lake pembeni. Herufi hiyo haipo ili kutegana. Ipo ili mkiulizana usiku ajulikane wa kukumbuka.

Mnyororo huu ndio pia kinga dhidi ya meseji za uongo. Tapeli anakuja dirishani, anasema ametoa 50,000, na kweli simu yako inalia. Meseji imeandikwa vizuri kabisa kama ya mtandao. Ukimpa noti, amekwenda. Lakini ile meseji haijui salio lako. Kama mstari wako wa mwisho ulikuwa 445,000, meseji ya kweli ya kutoa 50,000 lazima iseme 495,000. Ikisema namba nyingine, au ikikaa kimya juu ya salio, usihesabu noti. Tazama imetoka kwa nani, kisha ingia mwenyewe kwenye menyu ya laini ya uwakala uulize salio. Mteja mwema atasubiri nusu dakika. Anayekuharakisha na kupandisha sauti, huyo ndiye wa kusubirishwa zaidi.

Ni vema pia kusimama mara mbili katikati ya siku, tuseme saa sita mchana na saa kumi jioni, ukajumlisha droo na floti zote kama unavyofanya usiku. Haichukui hata dakika kumi. Faida yake ni kwamba ukikuta upungufu saa kumi na ulikuwa sawa saa sita, unatafuta katika mistari michache ya mchana tu. Anayengoja usiku anatafuta katika siku nzima, akiwa amechoka, na mboga zikiwa bado jikoni.

Kusimama huko kunakusaidia pia kuona mizani inaegemea wapi. Siku wateja wengi wanaweka, droo inajaa na floti inakauka, kisha unaanza kuwarudisha watu kwa kukosa floti. Siku wengi wanatoa, floti inajaa na droo inabaki na sarafu. Jirani yetu amejiwekea mpaka: floti ya laini yoyote ikishuka chini ya 100,000, anapeleka keshi kwa wakala mkuu na kujaza kabla haijakauka. Mpaka wako utategemea wateja wako. Lakini unapopeleka keshi, andika mstari wake kama muamala mwingine wowote: keshi imeshuka 200,000, floti imepanda 200,000. Wengi huusahau mstari huu, na usiku daftari linawadai fedha ambazo wao wenyewe waliziweka kwenye simu.

Na ukimwazima wakala mwenzio wa kibanda cha pili floti ya 50,000 atakayoirudisha jioni, fedha hizo hazimo kwenye droo wala kwenye simu yako. Ziandike mahali paitwapo "nje". Jumla yako sasa ni keshi, na floti, na zilizo nje. Akirudisha, unazifuta.

Kufunga hesabu usiku

Jirani yetu hufunga saa mbili usiku. Kwanza anaacha kuhudumia kabisa. Ukipokea mteja mmoja katikati ya kuhesabu, umevuruga kila kitu. Anashusha dirisha, maana hakuna haja ya wapita njia kuona noti zikihesabiwa.

Kisha anauliza salio la kila laini kwa kuingia kwenye menyu. Hategemei kumbukumbu, wala ile meseji ya mwisho, kwa kuwa pengine kuna muamala uliochelewa kufika. Anaandika salio hilo.

Baada ya hapo anahesabu droo kwa mafungu: noti za elfu kumi peke yake, za elfu tano, za elfu mbili, za elfu moja, na sarafu. Anaandika idadi ya kila fungu kabla ya kujumlisha. Binti anahesabu mara ya pili bila kuambiwa mama yake mdogo amepata ngapi. Wakitofautiana, wanarudi kwenye fungu lenye tofauti tu.

Ndipo anajumlisha keshi, floti zote na zilizo nje, na kuilinganisha jumla hiyo na ya asubuhi. Kama ni sawa, anamshukuru Mungu, kisha anatazama pia kama droo na kila laini zinalingana na daftari. Mwisho wote wawili wanaweka sahihi. Jumla ya kufunga leo ndiyo ya kufungulia kesho, neno kwa neno.

Jumla inapokataa

Je, jumla yenyewe ikipungua? Hapo kuna fedha iliyotoka kweli. Lakini hata hapo usianze na watu, anza na namba. Uliza: upande upi haukubaliani na daftari, droo au simu?

Kama simu zote zinakubaliana na daftari na droo ndiyo pungufu, basi kosa lilifanyika mkononi. Pengine ulimhesabia mteja noti kumi na moja badala ya kumi, au chenji ilizidi, au mtu wa nyumbani alichukua fedha bila kuandika.

Kama droo inakubaliana na daftari na simu ndiyo pungufu, tafuta kwenye simu. Ikiwa upungufu ni sawasawa na muamala mmoja wa kutoa, huenda ulilipwa kwa meseji ya uongo, au fedha ya mteja haikufika kwako. Tafuta mstari ambao meseji yake haina namba ya muamala inayoonekana kwenye taarifa ya laini yako. Ikiwa upungufu unagawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, tazama kama kuna tarakimu zilizopinduka au sifuri iliyozidi. Mteja amekupa 10,000 nawe ukamtumia 100,000, simu itapungua 90,000. Amekupa 45,000 ukatuma 54,000, itapungua 9,000. Si kila namba inayogawanyika kwa tisa ni kosa la namna hiyo, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ukikuta umetuma zaidi au umetuma kwa mtu mwingine, usingoje asubuhi. Piga huduma kwa wateja ya mtandao husika mara moja ukiwa na namba ya muamala, saa na kiasi. Mtandao unaweza kusaidia fedha ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyeipokea. Akishaitoa, njia inakuwa ndefu. Na hii ndiyo faida nyingine ya ule mnyororo wa salio: kosa la sifuri moja unaliona dakika ileile, mteja akiwa bado mbele yako.

Ikiwa mmetafuta na hamkuona, andikeni upungufu kama ulivyo: "Leo pungufu 5,000, haijajulikana." Usitie fedha zako kimyakimya ili daftari lipendeze. Tuseme umetia 5,000, na kesho mteja mwaminifu akarudi kusema, "Mama, jana ulinizidishia 5,000." Utakuwa na ziada usiyojua ni ya nini. Pungufu iliyoandikwa inaweza kupata jibu lake baadaye, lakini iliyofichwa hailipati.

Tuseme pia ukweli kwamba njia hii ina mipaka. Ukituma 30,000 kwa namba isiyo ya mteja wako, jumla itakaa sawa kabisa usiku, maana 30,000 imetoka kwenye simu na 30,000 imeingia kwenye droo. Hesabu haitakuambia lolote mpaka mteja arudi akilalamika. Dawa yake ni kusoma jina linalotokea kwenye simu na kumwuliza mteja kabla ya kuthibitisha. Noti ya bandia nayo inahesabika kama noti nyingine, na utaijua siku ya kuipeleka benki. Dawa yake ni kuishika na kuiangalia kwenye mwanga wakati wa kupokea.

Mboga za jioni

Tumebakiza jambo moja, na hili linatugusa sisi akina mama kuliko wengine. Mtaji unaomalizika kidogo kidogo, mara nyingi haukuchukuliwa na tapeli wala na binti wa kazi. Umechukuliwa na sisi wenyewe. Saa kumi na moja jioni anapita mwenye mchicha, unachomoa 1,000. Mtoto anadaiwa fedha ya mtihani shuleni, unachomoa 5,000. Mchango wa msiba, 10,000. Baba naye anapita, anasema, "Mama fulani, nipe elfu tano ya bodaboda, nitarudisha." Kila moja ni haki yake, hakuna iliyo mbaya. Ubaya ni kwamba droo haijui tofauti ya fedha ya mboga na fedha ya mteja.

Faida ya wakala ni kamisheni, nayo mteja haiweki mkononi mwako anapohudumiwa. Mtandao ndio unaokulipa kwa taratibu zake. Maana yake ni kwamba noti zote unazoziona kwenye droo mchana ule ni mtaji. Hakuna hata moja iliyo faida ya leo. Anayekula kutoka kwenye droo anakula mbegu akidhani ni mavuno.

Jirani yetu sasa anafanya hivi. Kamisheni inapoingia anaiandika kwa jina lake, anaitoa kutoka kwenye hesabu ya mtaji, na kuigawa: sehemu ya nyumbani, sehemu ya sadaka, sehemu ya kodi ya kibanda, na ikibaki anaongeza mtaji. Fedha ya nyumbani inakaa kwenye kopo lake jikoni. Siku dharura ikimlazimu kugusa droo, anaandika mstari: "nyumbani 5,000." Usiku hatarajii tena 1,500,000 bali 1,495,000, na anajua ni kwa nini. Baba naye ameelezwa, akakubali kwamba akichukua ataandika kwa mkono wake. Mwanzoni alicheka. Mwisho wa mwezi wa kwanza walipojumlisha mistari ya "nyumbani" wakakuta 87,000, wala hakucheka tena. Walikaa wote wawili wakapanga upya fedha ya kopo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jirani yetu alikuwa na daftari tangu mwanzo, ila alilisoma upande mmoja. Usiku wa leo, kabla hujafunga mlango, usiishie kwenye droo. Fungua na simu, jumlisha vyote, kisha ulinganishe na namba yako ya asubuhi. Kama kuna mtu nyumbani mwako aliyewahi kulaumiwa kwa fedha zilizopungua, rudi kwenye daftari la siku ile, utazame floti ilisema nini. Inawezekana una mtu wa kumwomba radhi.

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu. Tukutane tena mwezi ujao.